Vyuma Vilipokaza Tanga: Hesabu ya Fedha na Bei ya Mwaka 2016

Mwaka 2016 na 2017 hukuweza kukaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Ngamiani bila kusikia kauli ile iliyozagaa nchi nzima: vyuma vimekaza. Wauza nguo, madereva wa bajaji, madalali wa viwanja, wote walikuwa na lalamiko moja, kwamba mzunguko wa pesa umekufa. Ukichukua takwimu rasmi za mwaka huohuo wa 2016 na kuzitia kwenye kanuni inayofundishwa katika kila darasa la uchumi, jibu linatoka kinyume kabisa. Kanuni inasema kasi ya mzunguko wa fedha ilipanda, na ilipanda sana, kwa zaidi ya asilimia 9 katika mwaka mmoja.

Wapo waliosikia jibu hilo wakahitimisha kwamba wananchi walikuwa wakilalamika bure. Wengine wakahitimisha kwamba takwimu zilipikwa. Mimi naona pande zote mbili zilikimbilia hitimisho kabla ya kumaliza hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Kanuni ni hii:

```
M × V = P × Y
```

M ni ujazi wa fedha: noti na sarafu zilizo mikononi mwa watu pamoja na amana zao benki. P ni kiwango cha bei, na Y ni pato halisi la taifa, yaani bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mwaka baada ya kuondoa athari za bei. V ni kasi, yaani shilingi moja ya wastani ilitumika mara ngapi katika mwaka kununua pato hilo. Mwaka 2016 ujazi wa fedha kwa tafsiri pana zaidi, ule ambao Benki Kuu inauita M3, ulikuwa karibu shilingi trilioni 22, na pato la taifa kwa bei za mwaka huo lilizidi trilioni 100 kidogo. Gawanya la pili kwa la kwanza, unapata kasi kati ya 4.5 na 5.

Tunapotaka kujua mfumuko wa bei tunaacha viwango na kutazama ukuaji wake. Kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha, na kanuni inakuwa hivi, herufi ndogo zikiwa ni asilimia za mabadiliko kwa mwaka:

```
p = m + v − y
```

Mfumuko wa bei ni ukuaji wa fedha, ongeza mabadiliko ya kasi, toa ukuaji wa pato. Wanafunzi huambiwa wachukulie kwamba kasi haibadiliki, kwa hiyo v ni sifuri, na kinachobaki ni m kutoa y. Fedha zikikua kwa asilimia 12 na pato kwa 7, bei zitapanda kwa 5. Njia hii ya mkato inavutia kwa sababu inahitaji tarakimu mbili tu.

Sasa tuipeleke kwenye mwaka 2016. M3 ilikua kwa takriban asilimia 3 tu kati ya Desemba 2015 na Desemba 2016, baada ya kukua kwa karibu asilimia 19 mwaka uliotangulia. Pato halisi lilikua kwa takriban asilimia 7. Kwa njia ya mkato, 3 kutoa 7 ni hasi 4. Bei zilitakiwa kushuka kwa asilimia 4. Hazikushuka. Wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka ule ulikuwa asilimia 5.2. Njia ya mkato imekosea kwa zaidi ya pointi 9, na kwa kuwa kanuni kamili lazima isawazike, pointi hizo zote zinatupiwa V: 5.2 ongeza 7 toa 3 ni 9.2.

Hapo ndipo wengi wanaposimama na kutangaza kwamba kasi ilipanda. Tuendelee mbele kidogo.

Jambo la kwanza la kuangalia ni saa ya kipimo. Pato la taifa ni jumla ya miezi 12, kuanzia machungwa ya Muheza yaliyovunwa katikati ya mwaka hadi saruji iliyotoka Pongwe mwezi Desemba. Mfumuko wa asilimia 5.2 nao ni wastani wa mwaka mzima. Lakini ile M3 ya Desemba ni picha iliyopigwa siku moja, siku ya mwisho. Tumeligawanya tendo la mwaka mzima kwa picha ya siku moja, kisha tukashangaa jibu linaruka.

Njia sahihi zaidi ni kutumia wastani wa fedha zilizokuwepo ndani ya mwaka. Tuseme Desemba 2014 fedha zilikuwa 100. Zikakua kwa asilimia 19, Desemba 2015 zikawa 119. Zikakua kwa asilimia 3, Desemba 2016 zikawa karibu 122.6. Tukichukulia kwamba zilipanda polepole kwa mstari ulionyooka ndani ya kila mwaka, wastani wa 2015 ni 109.5 na wastani wa 2016 ni 120.8. Ukuaji kati ya wastani hizo mbili si asilimia 3 tena, ni zaidi kidogo ya 10. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka 2016 watu na kampuni walikuwa bado wanaishi na fedha zilizoongezeka mwaka 2015. Rudia hesabu: 5.2 ongeza 7 toa 10.3, unapata 1.9. Kasi iliyoruka kwa asilimia 9 sasa imepanda kwa 2. Hatukubadilisha takwimu hata moja, tumebadilisha siku ya kuhesabu.

Jambo la pili ni kilichomo ndani ya ile asilimia 19 ya mwaka 2015. M3 inajumuisha amana za fedha za kigeni zilizo katika benki za nchini, nazo huhesabiwa kwa kugeuzwa kuwa shilingi. Mwaka ule dola ilipanda kutoka karibu shilingi 1,730 hadi karibu 2,150, yaani kwa takriban robo. Amana za kigeni zilikuwa takriban robo ya M3. Robo ya robo ni kama pointi 6. Kwa hiyo sehemu ya ukuaji ule haikutokana na mtu yeyote kukopeshwa wala na noti mpya, bali ni dola zilezile zilizoandikwa kwa shilingi nyingi zaidi. Ukiziondoa pointi hizo 6 na kurudia hesabu ya wastani, ongezeko la kasi mwaka 2016 linarudi juu hadi kama asilimia 4 au 5.

Tumepata majibu matatu kutoka mwaka mmoja: 9, 2, na kati ya 4 na 5. Kila moja lina utetezi wake. Hii ndiyo sababu ninapoona mtu anasema V imepanda au imeshuka, swali langu la kwanza ni M ipi na ya siku gani. V haipimwi na mtu yeyote. Hakuna ofisa anayekwenda soko la Mgandini kuhesabu noti ya elfu kumi imebadilishwa mikono mara ngapi. V ni mabaki ya hesabu, na kila kosa lililo katika M, P au Y hujificha humo. Kosa la pato ni mfano mzuri. Kwa mwaka 2018 serikali ilitangaza ukuaji wa asilimia 7 na Benki ya Dunia ikakadiria 5.2. Tofauti kama hiyo peke yake inabadilisha v kwa karibu pointi 2 nzima, bila mtu yeyote kubadilisha namna anavyotumia pesa zake.

Sasa turudi kijiweni, kwa sababu hata ongezeko la asilimia 2 bado ni ongezeko, na dalali wa viwanja anaapa kwamba mzunguko ulikufa. Je, amekosea?

Tazama biashara ya samaki kule Deep Sea. Tuseme mvuvi anauza samaki kwa shilingi 10,000 kwa mchuuzi. Mchuuzi anampelekea mama lishe kwa 13,000. Mama lishe anapika na kuuza sahani zenye thamani ya 20,000. Tuyaache mafuta ya boti, mkaa na viungo ili hesabu iwe nyepesi. Fedha zilizobadilishana mikono ni 10,000, ongeza 13,000, ongeza 20,000, jumla 43,000. Pato la taifa lililoongezeka ni 20,000 tu, yaani 10,000 za mvuvi, 3,000 za mchuuzi na 7,000 za mama lishe, kwa sababu mtakwimu huhesabu thamani iliyoongezwa katika kila hatua na hahesabu samaki yuleyule mara tatu.

Hali ikikaza, mama lishe anaamua kumfuata mvuvi mwenyewe ufukweni na kununua kwa 13,000. Miamala sasa ni 33,000, imeshuka kwa karibu robo. Pato bado ni 20,000. Kwa mtakwimu hakuna kilichobadilika. Kwa mchuuzi kimebadilika kila kitu, na akikuambia mzunguko umekufa anasema kweli tupu.

Irving Fisher, Mmarekani aliyeipa nadharia hii sura yake maarufu katika kitabu chake cha mwaka 1911, hakuandika Y. Aliandika T, yaani miamala yote: samaki anayeuzwa mara tatu, kiwanja kinachopita kwa madalali wanne, gari lililotumika linalobadilisha wamiliki. Wachumi wa baadaye waliiweka Y mahali pa T kwa sababu pato la taifa linapimwa na miamala yote haipimwi. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini una gharama, na gharama hiyo ilionekana wazi katika miaka ile. Uchumi wa Tanga una tabaka nene la watu wanaoishi kwa kununua na kuuza tena: wachuuzi wa machungwa, wa mitumba, wa simu, wa viwanja. Miamala yao ikipungua, pato la taifa linatikisika kidogo, lakini vijiwe vinatikisika sana. Kasi ya Y inaweza kupanda wakati kasi ya T inaporomoka, na hakuna upande unaodanganya.

Inabaki kueleza kwa nini M yenyewe ilikwama. Serikali iliyoingia madarakani Novemba 2015 iliagiza mashirika na taasisi za umma zihamishe fedha zao kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Nia ilikuwa na mantiki. Serikali ilikuwa ikikopa kwa riba kutoka kwa benki ambazo zilikuwa zimejaa amana za taasisi zake yenyewe. Lakini tuangalie kinachotokea kwenye vitabu. Amana ya shirika la umma katika benki ya biashara ni sehemu ya M3. Ikihamia akaunti ya serikali Benki Kuu, inatoka nje ya kipimo. Hakuna aliyepoteza hata senti, lakini M imeshuka.

Kama ingekuwa ni suala la kipimo tu, tusingesikia kelele. Shida ni hatua inayofuata. Chukua benki iliyokuwa na amana ya shilingi bilioni moja ya shirika la namna hiyo. Sharti la wakati ule lilikuwa kuweka Benki Kuu asilimia 10 ya amana, yaani milioni 100, na sehemu kubwa ya milioni 900 zilizobaki benki ilikuwa imezikopesha au kununulia hati fungani. Siku shirika linapohamisha bilioni yake, benki inatakiwa kulipa yote, na mkopo uliotolewa kwa mfanyabiashara wa mbao Korogwe hauwezi kudaiwa urudi kesho asubuhi. Inachoweza kufanya benki ni kuacha kutoa mikopo mipya. Ndivyo ilivyokuwa. Mikopo kwa sekta binafsi, iliyokuwa ikikua kwa takriban robo mwaka 2015, ilikua kwa kama asilimia 7 mwaka 2016, na kufikia mwisho wa 2017 ukuaji ulikuwa chini ya asilimia 2. Mikopo chechefu nayo ilipita asilimia 10 ya mikopo yote, jambo lililozifanya benki ziwe na woga zaidi.

Benki Kuu ililegeza kamba. Machi 2017 ilishusha riba yake ya kukopesha benki kutoka asilimia 16 hadi 12, Aprili ikapunguza sharti la akiba kutoka asilimia 10 hadi 8, na Agosti ikashusha riba tena hadi 9. Lakini fedha hurudi polepole kuliko zinavyoondoka, na mfanyabiashara aliyekwishafunga duka hafungui kwa sababu riba imeshuka.

Kuna funzo jingine la kihesabu hapa ambalo hupuuzwa. Tukiunganisha miaka miwili, 2015 na 2016, ujazi wa fedha ulikua kwa jumla ya karibu asilimia 23. Bei na pato pamoja vilikua kwa karibu 27, tukitumia mfumuko wa 5.6 na 5.2 na ukuaji wa 7 kwa kila mwaka. Mabadiliko ya kasi kwa miaka yote miwili ni chini ya asilimia 4, yaani chini ya 2 kwa mwaka. Mwaka mmoja kasi inaonekana imeanguka kwa zaidi ya 6, mwaka unaofuata imeruka kwa 9, na ukiiweka miaka hiyo pamoja karibu yote inafutika. Kwa hiyo nadharia hii haifai kutabiri bei za mwezi ujao Tanga, lakini kadiri unavyoongeza miaka ndivyo inavyoanza kusema kweli. Mfumuko wetu wa miaka ya 1980, uliozunguka asilimia 30 mwaka baada ya mwaka, usingewezekana bila fedha kukua kwa kasi kubwa mfululizo huku pato likidorora. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu ni ushahidi wa upande wa pato. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, na miongo miwili baadaye uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya hizo.

Lakini lazima tujihadhari na miaka inayoonekana kuithibitisha nadharia kwa urahisi mno. Mwaka 2010 M3 ilikua kwa karibu robo, na pato kwa kati ya asilimia 6 na 7. Njia ya mkato ingetoa mfumuko wa kama 18 au 19. Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8. Nimeona hesabu hii ikitumika kama ushahidi kamili, na fedha za 2010 kweli zilichangia. Lakini mwaka huohuo wa 2011 ukame uliikumba Afrika Mashariki, mafuta yalipanda bei duniani, umeme ukawa wa mgawo, na shilingi ikaporomoka. Kenya ilifika karibu asilimia 20 mwezi Novemba, na Uganda ilivuka 30 mwezi Oktoba. Bei ya mahindi upande wa Kenya ilikuwa inavuta magunia kuelekea Horohoro kiasi kwamba serikali ilipiga marufuku kuuza nafaka nje. Majirani watatu wenye benki kuu tatu tofauti hawakupatwa na homa ya bei kwa pamoja kwa sababu ya M3 ya Tanzania peke yake. Njia ya mkato ilipatia, lakini kupatia mara moja hakuonyeshi ni kipi kilisababisha kipi.

Horohoro inatukumbusha pia mpaka wa kanuni yenyewe. Huulizwa mara kwa mara kama tunaweza kukokotoa mfumuko wa bei wa Tanga kwa fedha zinazoingia Tanga, hasa tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lilipowekwa Chongoleani Agosti 2017. Hatuwezi. M ni ya eneo lote linalotumia shilingi hii, haihesabiwi kwa mkoa. Mshahara unaolipwa Chongoleani leo jioni umekwishatumwa kwa simu Singida. Bei ya kitunguu Mgandini inaamuliwa kwa sehemu kubwa na kitunguu cha Lushoto na gharama ya lori, na kama Tanga itakuwa na fedha nyingi kuliko mikoa jirani, magunia yatafuata fedha hizo hadi tofauti ipungue. Kisichoweza kupakiwa kwenye lori ni kiwanja na chumba cha kupanga. Fedha za mradi zikimiminika mahali pamoja, huko ndiko zinakobana, na ongezeko hilo la kodi za vyumba ni mabadiliko ya bei ya kitu kimoja dhidi ya vingine. Mfumuko wa taifa unaweza kubaki palepale.

Kwa karibu miongo mitatu, tangu sheria yake ya mwaka 1995, Benki Kuu ya Tanzania ilitumia kanuni hii kwa kuigeuza. Ilianza na mfumuko inaoutaka, ikaongeza ukuaji wa pato unaotarajiwa, ikatoa mabadiliko ya kasi iliyoyakisia, na kupata ukuaji wa fedha wa kulenga. Tuseme unataka mfumuko wa asilimia 4, unatarajia pato kukua kwa 6, na unakisia kasi itashuka kwa 2 kwa sababu watu wengi zaidi wanafungua akaunti na kuweka akiba. Fedha zikue kwa 12. Lakini kama kasi, badala ya kushuka kwa 2, itapanda kwa 3, fedha zilezile za asilimia 12 zitazaa mfumuko wa 9. Ukilenga fedha kwa ukamilifu, bado unaweza kukosa bei kwa pointi 5, na utagundua baada ya mwaka kuisha, takwimu za pato zitakapotoka. Januari 2024 Benki Kuu iliacha kulenga kiasi cha fedha na kuanza kutumia riba, ikitangaza kiwango cha kwanza cha asilimia 5.5 na kuendelea na shabaha ya mfumuko kati ya asilimia 3 na 5. M3 bado inachapishwa kila mwezi katika tathmini yake ya uchumi, na mtu anayetaka kurudia hesabu hizi anaweza kuanza hapo, akichukua wastani wa miezi 12 badala ya ile tarakimu ya Desemba.